Kufukuzwa kwa Barua Yako Mwenyewe

Mwajiri wa Tanzania anayetaka kumwondoa mfanyakazi ana hatua kadhaa za kupitia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka awe na sababu ya haki, kisha afuate utaratibu wa haki: amweleze mfanyakazi tuhuma zake, ampe muda wa kujiandaa, amsikilize, ndipo aamue. Akishaamua, kwa kawaida inabidi atoe notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, alipe likizo ambayo haijachukuliwa, na mara nyingi alipe kiinua mgongo. Wapo waajiri wanaoiona njia hiyo kuwa ndefu na ya gharama. Hao humfanyia mtu visa mpaka aondoke mwenyewe.

Visa vyenyewe wafanyakazi wanavijua. Mtu anahamishwa meza, kisha anahamishwa kazi. Mshahara wa wenzake unaingia, wake unachelewa. Nywila ya kompyuta inabadilishwa bila yeye kuambiwa. Anafokewa mbele ya vijana aliowafundisha kazi. Hakuna anayemtamkia kwamba amefukuzwa. Siku moja anachoka, anaandika barua ya kujiuzulu, na mwajiri anaipokea haraka na kuiweka kwenye faili. Kwa anayesoma faili lile, mtu ameacha kazi kwa hiari yake.

Sheria haimalizii macho yake kwenye faili. Inaposema ajira imesitishwa, inahesabu pia mfanyakazi aliyeondoka mwenyewe kwa sababu mwajiri alifanya kazi isivumilike. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42, zinalieleza jambo hili katika kanuni ya 7 chini ya habari ya kujiuzulu kwa kulazimishwa. Ikithibitika kwamba mwajiri ndiye aliyesababisha, kujiuzulu huko kunahesabiwa kuwa ni mwajiri aliyemwachisha kazi.

Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Chukua mfanyakazi aliyetumikia miaka 6 kwa mshahara wa shilingi 780,000 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 30,000 kwa siku ya kazi. Kiinua mgongo cha kisheria hakipungui mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na ukomo wa kuhesabu ni miaka 10. Kwake hizo ni siku 42, kama shilingi 1,260,000. Akijiuzulu kwa hiari, fedha hiyo hana, maana hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Ikionekana kwamba alilazimishwa, anaipata, na juu yake anaweza kudai fidia ya kuachishwa kazi isivyo haki au hata kurudishwa kazini.

Tatizo ni kwamba haki hii hupotea kwa urahisi. Hupotea kwa sentensi moja iliyoandikwa vibaya, kwa miezi ya kukaa kimya, au kwa fomu iliyopelekwa siku ya 31. Kwa hiyo inafaa kuelewa mwamuzi anatafuta nini, na mtu anayefanyiwa visa afanye nini kabla hajaandika barua yake.

Uchungu peke yake hautoshi

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ukishaumia sana, tayari una kesi. Sheria huanza kwa kuangalia mwenendo wa mwajiri, ndipo ije kwenye maumivu ya mfanyakazi.

Kesi iliyoliweka jambo hili wazi ilitoka Uingereza, na bado inatajwa katika mahakama za Kenya. Mfanyakazi wa kampuni ya Western Excavating aliomba ruhusa ya mchana mmoja akacheze mechi ya karata. Alikataliwa, akaenda hivyo hivyo. Kampuni ilimfukuza, lakini alipokata rufaa ndani ya kampuni, adhabu ilipunguzwa ikawa kusimamishwa siku 5 bila malipo. Siku hizo zikamkausha mfukoni. Aliomba alipwe mapema fedha ya likizo aliyokwisha kuichuma, akakataliwa. Aliomba mkopo wa pauni 40, akakataliwa tena. Ndipo akaacha kazi ili apate fedha yake ya likizo, kisha akashitaki kwamba mwajiri ndiye aliyemlazimisha kuondoka.

Baraza la kazi lilimhurumia na kumpa ushindi. Mahakama ya Rufani, ikiongozwa na Jaji Denning, iliutengua ushindi huo. Hukumu hiyo, iliyochapishwa mwaka 1978, iliuliza swali moja: mwajiri amevunja kifungu gani cha msingi cha mkataba? Mkataba haukumtaka atoe mkopo, wala alipe fedha ya likizo kabla ya wakati wake. Huenda angeweza kuwa na roho nzuri zaidi, lakini hakuvunja ahadi yoyote. Jaji Denning aliongeza jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui hadi leo: anayeona mkataba wake umevunjwa lazima afanye uamuzi mapema, kwa sababu akiendelea kufanya kazi kwa muda mrefu bila kuondoka, anaweza kuhesabiwa kwamba ameyakubali mabadiliko.

Kenya ilifuata njia hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikutaja kujiuzulu kwa kulazimishwa, kwa hiyo majaji ndio walioijenga haki hii. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyoihusu kampuni ya Coca-Cola ya Afrika Mashariki na Kati, ilipanga misingi yake. Mwajiri awe amevunja jambo la msingi katika mkataba. Uvunjaji huo uwe ndio sababu ya mfanyakazi kuondoka. Mfanyakazi asiwe ameukubali kwa maneno wala kwa mwenendo. Na kazi ya kuthibitisha ni ya mfanyakazi.

Tanzania iliweka neno lake katika sheria yenyewe: kazi iwe haivumiliki. Mwaka 2013, katika kesi ya Katavi Resort, Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu ilitaja maswali matano ya kujiuliza. Je, mfanyakazi alikusudia kweli kuimaliza ajira? Je, mazingira yalikuwa hayavumiliki kwa mtu yeyote wa kawaida, si kwake tu? Je, aliyeyaleta ni mwajiri? Je, yalikuwa na dalili ya kuendelea? Na je, kuondoka ndiyo njia pekee ya busara iliyobaki?

Ukiyasoma maswali hayo kwa utulivu, utaona mambo yanayoachwa nje. Meneja mkali anayemkaripia kila mtu kwa kuchelewa huenda anachosha, lakini hajafikia hapo. Vilevile barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, iliyotaja tuhuma na kukupa muda wa kujitetea, ni utaratibu halali. Anayejiuzulu ili kukikwepa kikao hicho atapata shida kubwa kueleza kwamba alilazimishwa.

Hali ni nyingine pale mtu anapoitwa ofisini, anakuta barua yake ya kujiuzulu imeshachapwa, na anaambiwa asaini sasa hivi au afukuzwe kwa wizi. Hapo mwamuzi atauliza ni nani hasa aliyeimaliza ajira, na jina lililo chini ya barua halitamaliza swali hilo.

Mtunza hesabu aliyepelekwa getini

Tufuate mfano mmoja wa kutunga hatua kwa hatua. Ni mtunza hesabu wa kampuni ya kusafirisha mizigo jijini Dar es Salaam, mama mwenye miaka 6 kazini na mshahara ule ule wa shilingi 780,000. Meneja mpya anaingia mwezi Januari. Wiki chache baadaye mtunza hesabu anaondolewa kwenye mfumo wa hesabu na kupelekwa getini kuhesabu magunia yanayoingia na kutoka. Hapewi barua. Mwisho wa Machi mshahara wake unaingia shilingi 520,000, na anapouliza anaambiwa kwamba hiyo ndiyo thamani ya kazi ya getini.

Kisheria, kosa la wazi zaidi hapa ni mshahara. Mwajiri hana ruhusa ya kuukata kwa uamuzi wake peke yake, kwa sababu ni nguzo ya mkataba. Kupelekwa getini kunaongeza uzito, kwani aliajiriwa kutunza hesabu. Matusi, kama yapo, yanaweza kusaidia kuonyesha hali ilivyokuwa, lakini yakisimama peke yake ni magumu kuyathibitisha.

Mama huyu ana mambo mawili ya kufanya, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni kupinga kwa maandishi. Kanuni ya 7 inasema mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki anatakiwa awe ametumia kwanza njia za kupeleka malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa akiwa na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Aliyeondoka bila kumwambia mwajiri tatizo lake ataulizwa: ungejuaje kwamba lisingetatuliwa?

Kwa hiyo mapema Aprili anaandika barua fupi kwa meneja. Anataja tarehe aliyohamishwa, kiasi kilichokatwa, na kwamba hajakubali lolote kati ya hayo. Anaomba arudishiwe kazi na mshahara wake. Sentensi ya kwamba hajakubali ina uzito mkubwa, kwa sababu ataendelea kufika kazini wakati akisubiri jibu, na bila sentensi hiyo kufika kwake kunaweza kutafsiriwa kuwa ni kuridhika. Anagongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake na kwenda nayo nyumbani. Zikipita wiki mbili bila jibu, anamwandikia mkurugenzi. Tuseme mkurugenzi anamjibu kwa ujumbe wa simu kwamba anayeona kazi ngumu mlango uko wazi. Ujumbe huo anautunza kwenye simu bila kuufuta, na anaupiga picha.

Kuna wakati hatua hii inaweza kurukwa. Kanuni ya 7 inataja unyanyasaji wa kijinsia kwa jina lake, pamoja na kushindwa kwa mwajiri kumlinda mfanyakazi dhidi yake. Binti anayesumbuliwa na mkurugenzi ambaye ndiye pia mpokeaji wa malalamiko ana sababu nzuri ya kutompelekea barua.

La pili ni barua ya kujiuzulu yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapojiangusha. Wengi wetu tumelelewa kuaga kwa heshima, hata kwa aliyetukosea. Kwa hiyo mtu aliyeteswa miezi mitano anaandika kwamba anaishukuru kampuni kwa fursa iliyompa na kwamba anaacha kazi kwa sababu za kifamilia. Miezi baadaye wakili wa mwajiri anamkabidhi barua hiyo mbele ya mwamuzi na kumwomba aisome kwa sauti. Shukrani ile inageuka ushahidi kwamba hakuna aliyemlazimisha.

Barua ya mtunza hesabu wetu iseme ukweli, nayo inaweza kuwa fupi: “Najiuzulu leo tarehe 9 Mei kwa sababu mmenihamisha kwenye kazi niliyoajiriwa na kunipunguzia mshahara kutoka shilingi 780,000 hadi 520,000 bila ridhaa yangu. Nimelalamika kwa maandishi mara mbili na hali haikubadilika. Siwezi kuendelea na kazi katika mazingira haya, na nahesabu kwamba ninyi ndio mliositisha ajira yangu.” Heshima ibaki kwenye lugha, lakini sababu zisifichwe. Asiongeze sababu nyingine, kama kazi mpya aliyoipata Mwanza, kwa sababu mwamuzi atataka kujua kilichomwondoa hasa. Kama ni kweli kazi mpya ndiyo iliyomvuta, basi hana kesi.

Siku 30

Baada ya barua, saa inaanza kuhesabu. Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA, ndani ya siku 30. Aliyeondoka tarehe 9 Mei awe amefika Tume kabla ya tarehe 8 Juni kupita. Kenya muda ni miaka 3, na kesi huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Anayesikia ushauri wa ndugu aliyeko Nairobi na kuufuata akiwa Dar es Salaam anaweza kujikuta nje ya muda kabla hajaanza.

Siku hizo hupotea kwa njia inayofahamika. Mwajiri anasema, njoo Ijumaa tuongee malipo yako. Ijumaa inakuwa Ijumaa nyingine. Mazungumzo hayo hayaisimamishi saa. Aliyechelewa anaweza kuiomba Tume impokee nje ya muda, lakini atatakiwa kutoa sababu za msingi za kuchelewa kwake, na kuahidiwa na bosi si sababu ya kuitegemea.

Tume mgogoro hufunguliwa kwa Fomu Namba 1. Mlalamikaji aandike kwamba mgogoro ni wa kusitishwa kwa ajira na aeleze kwamba alilazimishwa kujiuzulu, kisha ataje anachotaka kulipwa. Nakala ya fomu apewe mwajiri. Kwanza unakuja usuluhishi, ambao umepangiwa siku 30. Msuluhishi hatoi hukumu, bali huwasaidia pande mbili kufikia makubaliano. Wakishindwana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iifanyie marejeo.

Mbele ya mwamuzi kuna jambo linalowashangaza wengi. Katika kesi ya kawaida ya kufukuzwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki. Hapa mwajiri atasema hakumfukuza mtu, na barua iko mezani. Kwa hiyo mfanyakazi huanza yeye kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Mtunza hesabu wetu ana hati za mshahara za Februari na Machi, taarifa ya benki, nakala mbili zenye mhuri, ujumbe wa mkurugenzi, na mlinzi wa getini aliyemwona akihesabu magunia. Akivuka hatua hiyo, mzigo unamgeukia mwajiri, na mara nyingi mwajiri hana la kujibu. Hakuitisha kikao, hakuandika tuhuma, hakumsikiliza mtu, kwa sababu lengo lake lilikuwa kuvikwepa vyote hivyo.

Asiyefikiwa na kinga hii

Kinga hii ina mipaka. Tanzania, mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake hapati ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo aliyefanyiwa visa mwezi wa tatu ana njia finyu. Mtumishi wa umma anatakiwa kwanza amalize ngazi za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kwenda kwenye vyombo vya kazi. Na kwa Kenya, fidia ya kuachishwa isivyo haki haizidi mshahara wa miezi 12, hata kama mateso yalikuwa ya miaka.

Kuna mpaka mwingine usioandikwa. Kudai haki hii kunamtaka mtu aache mshahara kwanza, kisha athibitishe. Mwenye watoto shuleni na kodi ya nyumba hachezi kamari hiyo kwa hasira. Asiye na uhakika aonane na chama chake cha wafanyakazi au wakili kabla ya kujiuzulu, akiwa na barua na hati zake mkononi. Mara nyingine ushauri sahihi ni kubaki kazini na kudai mshahara uliokatwa, kwa sababu dai hilo halimlazimishi mtu kuondoka na ushahidi wake ni hati mbili za mshahara.

Na mwajiri mwenye mfanyakazi anayemshinda ana njia iliyo wazi. Aandike tuhuma, aitishe kikao, asikilize, aamue, alipe kinachostahili. Njia hiyo inaweza kumchukua wiki chache, na akiifuata vizuri ana la kumwonyesha mwamuzi. Aliyechagua visa anakwenda Tume bila kikao, bila mwenendo wa maandishi na bila sababu aliyowahi kuitamka, akitegemea barua ambayo mfanyakazi wake ameijaza tarehe na vitendo vya mwajiri mwenyewe.